Naripoti wodini Jumatatu, nimepewa karatasi ya vipengele 41 nisaini. Nianzie wapi?

Mgeni_Wodini (Jumamosi, saa 3:10 usiku)

Habari za jioni wakuu.

Nimepata ajira hospitali moja ya wilaya. Nina stashahada ya uuguzi na leseni ya Baraza. Jana nilienda kuripoti, nikapangiwa wodi ya jumla ya wanaume. Vitanda ni 32 lakini nilipopita kulikuwa na wagonjwa 37, watano wako kwenye magodoro chini.

Nimepewa karatasi ya kurasa tatu, orodha ya maelekezo kwa muuguzi mpya, vipengele 41. Kila kipengele kina nafasi ya tarehe, sahihi yangu na sahihi ya aliyenielekeza. Inaanza na "amejulishwa dira na dhamira ya hospitali", inaishia "ameonyeshwa choo cha watumishi". Katikati humo ndimo zimo trei ya dharura, oksijeni, kabati la DDA la dawa kali kama mofini, taka, mfumo wa kompyuta wa GoTHOMIS na mengineyo, yote kwa mstari mmoja mmoja.

Inchaji ni mama mchangamfu. Alinitembeza kama dakika ishirini, akaniambia, "Mwanangu, saini zote, Jumatatu naipeleka utawala." Nikaomba nikaisome nyumbani. Sasa iko mezani, tunatazamana.

Ratiba nimeiona: Jumatatu hadi Alhamisi naingia asubuhi, Ijumaa naingia usiku. Usiku huwa kuna muuguzi mmoja na mhudumu wa afya mmoja. Yaani huyo muuguzi mmoja ndiye mimi.

Wenye uzoefu, kwa siku hizo nne nishike nini kwanza? Na karatasi nisaini au nisisaini?

---

Kamata_Fursa (Jumamosi, saa 3:22 usiku)

Hongera sana mkuu. Ushauri wangu, siku ya kwanza usiende hata wodini, nenda kwa afisa utumishi. Hakikisha cheki namba imetoka, akaunti ya benki imeandikwa sawasawa, na udai posho yako ya kujikimu mapema kabla hujaambiwa fungu limeisha. Mimi nilizubaa nikala mihogo miezi miwili.

---

Mgeni_Wodini (Jumamosi, saa 3:25 usiku)

Asante mkuu, hilo nitalifuata. Ila nilikuwa naulizia kazi yenyewe ya wodini.

---

Kamata_Fursa (Jumamosi, saa 3:26 usiku)

Aah, hayo ya sindano siyajui, mimi ni mwalimu. Wacha niwapishe.

---

Sista_Tunu (Jumamosi, saa 4:05 usiku)

Mdogo wangu, nimefanya wodi miaka 22, tisa kati ya hiyo nikiwa inchaji, na nimesaini karatasi za namna hiyo kwa vijana wengi. Kwa hiyo nikikwambia usiisaini yote, ujue nazungumza na mimi wa zamani pia.

Nitakusimulia zamu yangu ya usiku ya tatu tangu niajiriwe. Hospitali siitaji. Kitanda namba 19 kulikuwa na mzee wa kisukari, anameza glibenklamaidi ya kushusha sukari. Jioni chakula cha ndugu hakikufika, lakini kidonge chake alipewa kama kawaida. Saa saba usiku mhudumu akaja kuniita: "Sista, yule babu anakoroma vibaya." Nikaenda na tochi. Shuka limelowa jasho, ngozi ya baridi, ukimwita hafungui macho.

Nikajua ni sukari. Darasani nilifaulu vizuri tu. Sasa naitafuta glukomita. Karatasi yangu ilikuwa na sahihi yangu kwamba nimeonyeshwa glukomita, na kweli nilionyeshwa, saa nne asubuhi, ikiwa juu ya meza ya inchaji. Hakuna aliyeniambia kwamba inchaji akiondoka saa tisa na nusu ofisi inafungwa na ufunguo anaenda nao nyumbani. Nikakimbia wodi ya wazazi kuazima. Nakwenda narudi, nikapima, 1.6.

Nikafungua trei ya dharura. Boksi limeandikwa dekstrozi 50%. Ndani mna ampuli za aminofilini, mtu aliishiwa boksi akatumia lile. Nikakimbia tena, safari hii wodi ya watoto. Kutoka mhudumu aniite mpaka ile mililita 50 inaingia mshipani zilipita kama dakika ishirini na tano.

Kilichoniuma baadaye ni hiki. Kwenye rafu mbele ya macho yangu zilikuwepo chupa za dekstrozi 5% za nusu lita. Chupa moja ya namna hiyo ina gramu 25 za sukari, sawasawa na mililita 50 za ile ya 50%. Maji tu ndiyo mengi, na inaingia taratibu, lakini ningeanza nayo palepale huku mhudumu akienda kutafuta ile kali. Na tena kwa mgonjwa wa kisukari aliyezimika namna ile, kipimo kikikosekana unampa sukari kwanza. Ukikosea ukampandishia kidogo aliyekuwa juu, hilo linarekebishika. Ubongo uliokaa bila sukari haurekebishiki.

Mzee akaamka, akaomba maji, akaniuliza mbona nalia. Nikaandika kwenye faili "amepata nafuu" nikaendelea na wengine. Saa kumi na moja alfajiri akazimika tena. Glibenklamaidi hukaa mwilini muda mrefu, na kwa mzee ambaye figo zimechoka hukaa zaidi, hivyo sukari hushuka upya baada ya wewe kuondoka. Ilitakiwa nipime tena baada ya robo saa, akishaweza kumeza ale, nimwachie dripu ya dekstrozi, halafu nipime kila saa mpaka asubuhi, na kesho yake bado awe wa kuangaliwa. Safari ya pili nilikuwa tayari, akapona.

Kwa hiyo swali lako la nianzie wapi, jibu langu ni trei ya dharura, Jumatatu hiyohiyo. Mwombe inchaji ruhusa, vaa glovu, toa kila kitu, uweke mezani. Usisome boksi, soma ampuli yenyewe na tarehe yake. Adrenalini zipo ngapi? Dekstrozi 50% ipo? Haidrokotisoni ipo na maji ya kuichanganyia yapo? Sindano na kanula za saizi gani? Ambubegi, ule mfuko wa kumpulizia mgonjwa hewa, ishike: ziba mdomo wake kwa kiganja kisha minya. Ikigoma kuminyika ni nzima, ikiachia upepo ina tundu au vali imekaa vibaya. Mashine ya kunyonyea makohozi iwashe, kunja mpira wake kwa vidole uone mshale wa geji unapanda. Usipopanda, hiyo ni pambo.

Kisha uliza swali moja ambalo halimo kwenye karatasi: "Hivi vyote, saa nane usiku, viko wapi na ufunguo anao nani?"

---

Chumvi_Kidogo (Jumamosi, saa 4:31 usiku)

Sista umemaliza. Mimi niko mwaka wangu wa pili kazini. Naongezea oksijeni maana ndiyo iliyonisumbua zaidi. Mgonjwa yeyote anayehema kwa shida, mwekee lita 5 kwa dakika kwa ile mipira ya puani, usisubiri daktari. Lita 5 ni namba salama kwa kila mtu.

---

Sista_Tunu (Jumamosi, saa 4:48 usiku)

Chumvi, nusu uko sawa. Kutosubiri ni kweli, mgonjwa anayebluu midomo hasubiri mtu aamshwe. Lakini namba moja ya watu wote haipo.

Mipira ya puani inafaa mpaka lita 4 hivi, 5 ni mwisho, ukizidisha unamkausha pua na kumuumiza bure. Akihitaji zaidi unahamia maski, na maski yenyewe usiiweke chini ya lita 5 kwa sababu atakuwa anavuta hewa aliyoitoa mwenyewe. Akiwa taabani kabisa, maski yenye mfuko, lita 10 hadi 15, na mfuko uujaze kwanza kabla hujamvalisha. Mgonjwa wa kawaida tunatafuta SpO2, yaani asilimia ya oksijeni kwenye damu, 94 mpaka 98. Yule mzee wa mapafu sugu aliyevuta sigara au moshi wa kuni miaka arobaini, 88 mpaka 92 inamtosha. Ukimjazia mpaka 100 anaweza kuanza kusinzia, wewe ukadhani amepata usingizi mzuri kumbe anazimika.

---

Chumvi_Kidogo (Jumamosi, saa 4:55 usiku)

Hiyo ya kusinzia nilikuwa sijaijua. Kuna mgonjwa mmoja nimemkumbuka hapa, wacha ninyamaze.

---

Fundi_Vifaa (Jumamosi, saa 5:20 usiku)

Mimi ni fundi wa vifaa tiba, siyo nesi. Niongeze upande wa chuma.

Mleta mada, ukiambiwa "oksijeni ipo" uliza ni ipi. Kama ni konsentreta, inategemea umeme. TANESCO wakikata, ndani ya sekunde chache mgonjwa hana kitu, haina akiba yoyote tumboni. Kwa hiyo pembeni yake lazima kuwe na silinda, na silinda lazima iwe na spana yake. Theluthi ya simu ninazopigiwa usiku ni "fundi, silinda imegoma", nikifika nakuta spana iko wodi nyingine au kile kiwaisha cha mpira kati ya silinda na geji kimedondoka, gesi yote inavuma nje. Siku yako ya kwanza funga na kufungua mwenyewe mara mbili. Kijipira cha flomita kisomwe katikati yake, siyo juu. Na huna uhakika kama gesi inafika kwa mgonjwa? Tumbukiza ncha ya mpira kwenye kikombe cha maji, uone mapovu.

Kitu kingine, usiguse koki ya oksijeni ukiwa na mikono ya mafuta, na asije mtu akakwambia upake mafuta pakikaza. Oksijeni yenye mgandamizo ikikutana na mafuta inawaka.

Halafu kuna hii hesabu ya silinda ndogo ya kusafirishia mgonjwa. Zile tulizonazo nyingi zinabeba kama lita 680 zikijaa. Mgonjwa yuko lita 10 kwa dakika, silinda iliyojaa itamaliza dakika 68. Sasa geji ikiwa robo, zimebaki lita 170, hizo ni dakika 17. Unampeleka eksirei, ng'ambo ya uwanja, kuna foleni. Nimewahi kuitwa kwenye korido ya eksirei kwa sababu "silinda imeharibika". Haikuharibika, iliisha. Usiondoke kitandani mpaka umefanya hesabu hiyo, na muda wa safari uuhesabu mara mbili kwa sababu ya foleni. Lita zenyewe zinategemea saizi, kwa hiyo soma ubavuni mwa silinda yenu.

---

Mzee_wa_Kijiweni (Jumapili, saa 1:40 asubuhi)

Mimi si wa afya, ni mtu wa kuuguza. Mnazungumza silinda na ampuli, lakini mama yangu mwaka jana alikaa na dripu iliyokwisha tangu saa mbili usiku mpaka alfajiri. Namwita nesi, ananiambia "mimi mgeni, subiri mwenyewe wa wodi". Mgeni ni nini? Kavaa sare au hakuvaa? Kwenye hiyo karatasi yenu ya vipengele 41 kipengele cha kusikiliza ndugu wa mgonjwa kipo?

---

Mgeni_Wodini (Jumapili, saa 2:15 asubuhi)

Pole sana mzee wangu. Nimeipekua karatasi. Kuna "ameelezwa saa za kuona wagonjwa". Cha kusikiliza ndugu hakipo.

---

Sista_Tunu (Jumapili, saa 3:02 asubuhi)

Mzee, shikamoo, na pole. Umegusa jambo. Katika kisa changu cha kitanda 19, binti yake yule babu alikuja asubuhi akaniambia, "Sukari yake ikishuka huwa anaanza kutukana watu." Na kweli, saa nne usiku babu alimtukana mhudumu, tukacheka. Ningemuuliza binti siku moja kabla, ningepima saa nne.

Mgeni_Wodini, hapa ndipo pa makabidhiano. Ripoti ya zamu wengi wetu tunaipokea mezani, mmoja anasoma kitabu mwingine anakunywa chai. Wewe omba mtembee kitanda kwa kitanda, hata kama watakucheka kidogo. Kitabu kitasema "dripu inaendelea". Kitandani utakuta mkono umevimba kama andazi, dripu inaingia kwenye nyama na si mshipani. Kitabu kitasema "mkojo unatoka vizuri", mfuko una mililita 40 tangu jana. Mwombe anayeondoka akuonyeshe kwa kidole wagonjwa watatu anaowaogopa. Neno ni hilohilo, anaowaogopa. Muuguzi yeyote aliyekaa zamu nzima anawajua, hata kama vipimo vyao kwenye chati ni vizuri. Hao ndio unaanza nao, na ndugu zao unawauliza "leo mnamwonaje?"

---

Mfamasia_Kimya (Jumapili, saa 5:30 asubuhi)

Huwa nasoma tu humu, ila ya DDA siwezi kuiacha.

Kijana, Ijumaa usiku utakabidhiwa ufunguo wa kabati la DDA. Ukishaupokea na kusaini, kila kilichomo ndani ni chako. Sasa nikwambie kinachotokea. Kitabu kinasema mofini ampuli 7. Anayeondoka ana haraka, daladala ya mwisho hiyo. Anatikisa boksi, linasikika lina vitu, "saba hizo, saini". Unasaini. Asubuhi anayekupokea anafungua, zipo 6. Ushahidi wote unaonyesha ilipotea mkononi mwako.

Fungua kabati mkiwa wawili. Mwaga ampuli kwenye trei, hesabu moja moja, tazama kila moja kama haina nyufa na lebo ni yenyewe. Nimewahi kukuta ampuli ya maji ya kuchanganyia imekaa kwenye safu ya pethidini, kwa mbali zinafanana. Idadi isipolingana na kitabu, usisaini na usipokee ufunguo. Mpigie msimamizi wa zamu wa hospitali, mwandike tofauti hiyo kwenye kitabu mbele ya aliyekuwa nayo, na asiondoke mpaka msimamizi afike. Daladala itapatikana nyingine.

Kingine ni mabaki. Ampuli ni miligramu 10, daktari kaandika 5. Zile 5 zilizobaki hazirudi kabatini wala haziwekwi mfukoni "za saa kumi". Zinamwagwa mbele ya shahidi, naye anasaini. Sasa wewe usiku uko na mhudumu tu. Uliza mapema shahidi wako ni nani, kwa kawaida ni muuguzi wa wodi jirani au msimamizi wa zamu. Ukiuliza saa nane usiku mgonjwa akiwa analia maumivu, utafanya peke yako, na hapo ndipo watu wanapoharibikiwa.

---

Bin_Kisauni (Jumapili, saa 8:12 mchana)

Hamjambo jamani. Mimi ni nesi Mombasa, hospitali ya kibinafsi. Hapa kwetu mgeni wiki mbili hahesabiwi kwenye idadi ya zamu. Yuko na mkongwe mmoja anayemfuata kama kivuli, na fomu yake ina nguzo tatu: ameonyeshwa, amefanya akitazamwa, anafanya peke yake. Huwezi kuwekewa usiku peke yako kama nguzo ya tatu haijajaa. Huyu ndugu asikubali hiyo Ijumaa. Akatae kwa barua.

---

Chumvi_Kidogo (Jumapili, saa 8:20 mchana)

Bin Kisauni, huku ukikataa kwa barua wiki ya kwanza unapewa jina na litakufuata mpaka ustaafu. Wauguzi ni wachache. Yeye asipoingia Ijumaa anaingia aliyetoka Alhamisi usiku.

---

Bin_Kisauni (Jumapili, saa 8:27 mchana)

Basi jina ni bora kuliko kesi. Mgonjwa akifa hawatauliza mlikuwa wangapi, watauliza nani alisaini.

---

Sista_Tunu (Jumapili, saa 10:05 jioni)

Nyote wawili mna hoja na sina jibu la kuwapatanisha. Nikiwa inchaji nimewahi kumpanga mgeni usiku wa tano kwa sababu hapakuwa na mtu. Mara nyingi ilipita salama. Siyo mara zote.

Ila zile nguzo tatu za Bin Kisauni zichukue. Karatasi yako ina nafasi ya tarehe na sahihi tu. Pembeni kwa kalamu andika herufi: O kwa ulichoonyeshwa, T kwa ulichofanya ukitazamwa, P kwa unachoweza peke yako. Dira na dhamira, choo, saa za kuona wagonjwa, saini leo hii, hakuna mtu atakayekufa. Trei, oksijeni, DDA, damu, GoTHOMIS ya usiku, hizo usisaini mpaka umefikia T. Mwambie inchaji hivi, kwa upole: "Mama, hivi 30 nimesaini, hivi 11 naomba tumalizie mpaka Alhamisi." Hilo siyo kukataa. Inchaji mwenye akili atafurahi, maana sahihi yake nayo imo.

Halafu muulize kama kuna maelekezo ya maandishi yanayomruhusu muuguzi kuanza dekstrozi, oksijeni au dripu ya mshtuko kabla daktari hajafika. Hospitali nyingine yamebandikwa ukutani, nyingine kila mtu anafanya kwa mazoea. Ujue yako iko upande gani kabla ya Ijumaa, pamoja na namba ya simu ya daktari wa zamu, na namba ya pili kama ya kwanza haipokelewi.

---

Kengele_ya_Usiku (Jumapili, saa 2:40 usiku)

Mimi nina moja tu. Ulizia PEP, ile dawa ya kuzuia VVU baada ya kujichoma, inatolewa wapi wikiendi. Nilijichoma sindano Jumamosi saa tano usiku, wiki yangu ya kwanza, nikafunika sindano kwa mikono miwili kama mjinga. Kliniki ya CTC imefungwa mpaka Jumatatu, kila ninayemuuliza anasema "sijui, labda famasi". Nikakaa na hofu ile mpaka Jumapili jioni ndipo msimamizi mmoja akanipeleka wodi ya dharura, kumbe dozi za kuanzia zilikuwepo pale siku zote.

Dawa inatakiwa ianze haraka, saa chache za mwanzo, na ikipita saa 72 hawakupi tena. Unaosha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usiminye kidonda, unatoa taarifa, unaanza, siku 28. Na kile kisanduku cha sindano kikifika robo tatu kifungwe, usikishindilie. Sindano iliyochungulia juu nayo inachoma.

---

Mgeni_Wodini (Jumatano, saa 1:15 usiku)

Wakuu nimerudi.

Jumatatu nilimwambia inchaji maneno ya Sista Tunu, neno kwa neno. Akanitazama, akasema, "Umefundishwa na nani wewe?" Kisha akavuta kiti, akaniambia twende na trei.

Tulichokuta: adrenalini zipo tano, nzima. Dekstrozi 50% chupa moja, ilikwisha muda mwezi wa tatu. Haidrokotisoni ipo, maji ya kuichanganyia hayapo. Ambubegi nzima lakini maski iliyopo ni ya mtoto, na hii ni wodi ya wanaume. Mashine ya kunyonyea inawaka kwa kishindo ila ukikunja mpira mshale haupandi. Mama alinyamaza kabisa. Akaniambia trei hiyo ilikaguliwa Ijumaa, akanionyesha daftari, kweli kuna vema kila mstari.

Dekstrozi na maski zimepatikana siku hiyohiyo. Mashine imepelekwa kwa fundi.

Glukomita iko kwenye droo ya meza ya wauguzi, haifungwi. Lakini vijiti vyake kopo limebakisha vinne, vingine viko stoo na stoo inafungwa saa tisa na nusu. Nimeomba kopo zima kwa ajili ya usiku, nimeambiwa niandike.

Oksijeni ni konsentreta mbili na silinda moja kubwa. Spana haionekani. Wanatumia ya wodi ya upasuaji.

---

Fundi_Vifaa (Jumatano, saa 1:50 usiku)

Nilijua. Mashine isiyovuta, kabla hawajaipeleka mbali, waambie watazame mfuniko wa chupa yake. Mara nyingi haujakaa sawa au ufito wa mpira umekatika. Spana ikipatikana ifunge kwa mnyororo kwenye shingo ya silinda, usitumie kamba, kamba wanakata.

---

Mzee_wa_Kijiweni (Jumatano, saa 2:30 usiku)

Daftari lilikuwa na vema kila mstari. Haya.

---

Mgeni_Wodini (Jumamosi, saa 4:20 asubuhi)

Nimetoka zamu ya usiku saa mbili asubuhi, nimeshindwa kulala, naandika kwanza.

Niliingia. Inchaji alijaribu kunipatia mwenzangu, ikashindikana, ila alimwambia muuguzi wa wodi ya wanawake awe ananipitia na ndiye awe shahidi wangu wa DDA. Ripoti tulipokea kwa kutembea. Aliyenikabidhi alinung'unika kidogo, halafu kwenye kitanda cha 8 akasimama akasema, "Huyu simwelewi." Nikamwandika wa kwanza.

Mofini kitabuni 4, kwenye trei 4. Nilihesabu mara mbili.

Saa sita na dakika kumi umeme ulikatika. Mgonjwa wa kitanda cha 8 ndiye alikuwa kwenye konsentreta, lita 4. Jenereta ilichukua muda, sikuangalia saa. Spana ilikuwa imefungwa kwa mnyororo, asante fundi, na mikono ilijua njia maana Jumanne na Jumatano nilifunga na kufungua mpaka mhudumu akaniuliza kama naifanyia mtihani. SpO2 ilishuka mpaka 86, ikarudi 93 kwenye silinda. Asubuhi alikuwa anaomba uji.

Vipengele 37 vimesainiwa. Vilivyobaki ni vinne, kikiwemo cha kuongeza damu kwa sababu wiki nzima haikutokea mgonjwa wa damu nikiwa zamu. Utawala wamepiga simu mara mbili wanaitaka karatasi. Inchaji kawaambia bado.

---

Bin_Kisauni (Jumamosi, saa 4:41 asubuhi)

Pole na hongera. Lakini bado nasema hukupaswa kuwa peke yako.

---

Chumvi_Kidogo (Jumamosi, saa 5:03 asubuhi)

Na lile kopo la vijiti vya glukomita ulipewa?

---

Mgeni_Wodini (Jumamosi, saa 5:05 asubuhi)

Sikupewa. Nilitumia vitatu, kimebaki kimoja, nimekikabidhi kwa maandishi.